Hasara ya nusu, deni la maradufu

Tarehe 10 Machi 2000, fahirisi ya Nasdaq Composite, inayopima kwa pamoja bei za hisa zilizoorodheshwa katika soko la Nasdaq la Marekani, ilifunga siku ikiwa pointi 5,048.62. Hicho kilikuwa kilele cha homa ya hisa za kampuni za intaneti. Tarehe 9 Oktoba 2002 fahirisi hiyo hiyo ilifunga ikiwa 1,114.11. Ilikuwa imepoteza karibu asilimia 78 ya thamani yake, na kuteremka huko kulichukua miaka miwili na miezi saba.

Kupanda kulichukua muda mrefu zaidi. Nasdaq ilifunga siku juu ya kile kilele cha zamani kwa mara ya kwanza tarehe 23 Aprili 2015, ilipofika 5,056.06. Miaka miwili na nusu ya kushuka ilifidiwa kwa miaka kumi na miwili na nusu ya kupanda.

Sababu za kupishana huko ni nyingi. Kampuni zilikufa, uchumi ulidorora, na mwaka 2008 dunia ikaingia kwenye mgogoro mwingine wa fedha. Lakini chini ya sababu hizo zote kuna moja isiyotegemea uchumi wala siasa, nayo ni hesabu ya asilimia. Yeyote anayeweka fedha kwenye hisa, kwenye vipande vya mifuko ya uwekezaji, kwenye ardhi au kwenye biashara ya fedha za kigeni mtandaoni anapaswa kuifahamu kabla hajatoa shilingi ya kwanza, kwa sababu hasara ikishaingia, hesabu hii ndiyo itakayomwamulia safari ya kurudi ina urefu gani.

Pointi zile zile, asilimia tofauti

Tuanze na fedha tunazozishika. Mtu ana shilingi 1,000,000. Bei inashuka asilimia 50, anabaki na 500,000. Sasa anataka kurudi alipokuwa. Wengi hujibu haraka kwamba ikiwa alipoteza asilimia 50, basi akipata asilimia 50 atakuwa amerudi. Tujaribu. Asilimia 50 ya 500,000 ni 250,000. Jumla inakuwa 750,000. Robo ya mtaji bado haionekani.

Alichopoteza ni shilingi 500,000, na anachohitaji kukirudisha ni shilingi 500,000 zile zile. Kilichobadilika ni ukubwa wa mtaji unaofanya kazi ya kuzirudisha. Hasara ilihesabiwa juu ya milioni nzima, ndiyo maana ikawa asilimia 50. Faida inahesabiwa juu ya nusu milioni iliyobaki, na nusu milioni juu ya nusu milioni ni asilimia 100. Kila shilingi iliyosalimika lazima izae nyingine.

Nasdaq ilifuata kanuni hiyo hiyo. Kutoka 5,048.62 hadi 1,114.11 ni pointi 3,934.51. Ukizigawa kwa 5,048.62 unapata hasara ya asilimia 77.9. Ili kurudi, fahirisi ilihitaji pointi 3,934.51 zile zile, lakini safari hii zinagawanywa kwa 1,114.11, na jibu ni asilimia 353. Aliyesikia kwamba soko limeshuka asilimia 78, akatarajia kwamba likipanda asilimia 78 mambo yatakuwa sawa, alikosea kwa zaidi ya mara nne.

Kanuni yake ni rahisi kushika kichwani: chukua asilimia iliyopotea, igawe kwa asilimia iliyobaki. Ukipoteza 20, zimebaki 80. 20 kwa 80 ni robo, yaani unahitaji faida ya asilimia 25. Ukipoteza 80, zimebaki 20. 80 kwa 20 ni nne, yaani asilimia 400. Jedwali hili linaonyesha mwendo huo, pamoja na miaka ambayo mtaji ungehitaji kurudi kileleni kama ungekua kwa asilimia 10 kila mwaka bila kukatika.

| Hasara | Faida ya kurudi | Miaka kwa asilimia 10 kila mwaka |
|---|---|---|
| 10% | 11.1% | 1.1 |
| 20% | 25% | 2.3 |
| 30% | 42.9% | 3.7 |
| 50% | 100% | 7.3 |
| 80% | 400% | 16.9 |
| 90% | 900% | 24.2 |

Tazama jinsi safu ya pili inavyokimbia. Hasara ikitoka asilimia 10 kwenda 20, mahitaji ya faida yanatoka 11 kwenda 25. Ikitoka 80 kwenda 90, ongezeko ni kumi lile lile, lakini mahitaji yanaruka kutoka 400 hadi 900. Hasara ndogo hurudi kwa faida inayokaribia kulingana nayo, wakati hasara kubwa hudai faida ambayo wawekezaji wachache huipata hata kwa miaka kumi.

Safu hiyo inaonyesha jambo jingine linalowaponza wanaopenda kununua vitu vilivyoanguka. Hisa iliyoshuka asilimia 90 ni hisa iliyoshuka asilimia 80, kisha ikapoteza nusu tena. Ilianza na shilingi 100, ikafika 20, halafu 10. Aliyeinunua kwa 20 akijiambia kwamba haiwezi kushuka zaidi kwa kuwa imeshashuka asilimia 80, naye amepoteza nusu ya fedha zake, na anahitaji asilimia 100 kama wengine. Umbali ambao bei imeshaanguka haupunguzi nafasi iliyobaki ya kuanguka.

Kupanda asilimia 45 na kubaki shimoni

Watu wa masoko hupima hasara ya aina hii kwa kulinganisha bei ya sasa na kilele cha juu kabisa kilichowahi kufikiwa kabla yake. Tuuite mporomoko kutoka kileleni. Haupimwi kutoka jana, wala kutoka mwanzo wa mwaka. Ndani ya shimo refu, bei inaweza kupanda kwa kishindo na habari zikawa nzuri, huku mwenye mali akiwa bado mbali sana na alikotoka.

Nasdaq ilionyesha hilo waziwazi. Tarehe 21 Septemba 2001, siku chache baada ya mashambulizi ya New York na Washington, ilifunga ikiwa 1,423.19. Kisha ikaanza kupanda. Tarehe 4 Januari 2002 ilifika 2,059.38, faida ya karibu asilimia 45 ndani ya miezi mitatu na nusu. Kwa mtu aliyesikia takwimu hiyo peke yake, soko lilikuwa limepona. Lakini pima kutoka kileleni: 2,059 ni kama asilimia 41 tu ya 5,048. Mwenye vipande alivyonunua Machi 2000 alikuwa bado amepoteza asilimia 59, na alihitaji faida nyingine ya asilimia 145.

Kilichofuata kinafundisha zaidi. Kutoka 2,059.38 fahirisi iliteremka hadi 1,114.11 ya Oktoba 2002, hasara ya karibu asilimia 46. Weka namba hizo mbili pamoja: imepanda asilimia 45, imeshuka asilimia 46. Mtu angedhani zinakaribia kufutana na mwekezaji yuko pale pale. Hayuko. Alianza na 1,423 akamaliza na 1,114. Amepoteza karibu asilimia 22.

Mwaka 2003 Nasdaq ilipanda asilimia 50, kutoka 1,335.51 hadi 2,003.37. Huo ni mwaka mzuri kwa soko lolote. Hata hivyo ulipokwisha, fahirisi ilikuwa bado asilimia 60 chini ya kilele. Tarehe 31 Oktoba 2007, baada ya miaka mitano ya kupanda, ilifika 2,859.12, na hapo palikuwa bado asilimia 43 chini. Kabla haijafika alama ya zamani ikaanguka tena, hadi 1,268.64 tarehe 9 Machi 2009. Anguko hilo la pili lilikuwa la asilimia 56, shimo jipya lililochimbwa ndani ya shimo la zamani.

Fahirisi ilipovuka kilele chake mwaka 2015, bei za bidhaa nchini Marekani zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya theluthi tangu mwaka 2000. Dola zilikuwa zimerudi kwa hesabu, ila hazikununua tena kile zilichonunua. Mwenye kutaka kurudi alipokuwa kwa uwezo wa kununua alipaswa kuendelea kusubiri. Kwetu sisi, ambao mfumuko wa bei mara nyingi huwa mkali kuliko wa Marekani, sehemu hii ya deni ni kubwa zaidi.

Fahirisi, isitoshe, inaficha kaburi la kampuni zilizokufa. Hisa ya Amazon ilikuwa karibu dola 107 mwezi Desemba 1999, na mwishoni mwa Septemba 2001 ilikuwa chini ya dola 6. Hasara hiyo ya asilimia 94 ilidai faida ya karibu asilimia 1,700 ili kurudi. Amazon ilirudi, mwezi Oktoba 2009, kisha ikapita mbali. Lakini Pets.com, kampuni ya mtandaoni ya vifaa vya wanyama wa kufugwa nyumbani iliyouza hisa zake kwa umma mwezi Februari 2000, ilifunga milango mwezi Novemba mwaka huo huo. Hasara yake ilikaribia asilimia 100, na kwenye kanuni yetu asilimia 100 kamili ni 100 kugawa kwa sifuri. Hakuna faida inayoirudisha. Anayetoa mfano wa Amazon kuthibitisha kwamba aliyevumilia hulipwa anapaswa kutaja na zile ambazo uvumilivu haukuwa na kitu cha kuzisubiria.

Wastani unaodanganya

Mfano wa mwaka 2002 unatufikisha kwenye mtego unaojitokeza sana katika vipeperushi vya uwekezaji, yaani wastani wa faida kwa mwaka. Tuseme mfuko mmoja umepata faida ya asilimia 50 mwaka wa kwanza na hasara ya asilimia 50 mwaka wa pili. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili, wastani ni sifuri. Lakini shilingi 1,000,000 imekuwa 1,500,000, kisha 750,000. Robo ya fedha imeondoka, ingawa wastani unasema hakuna kilichotokea.

Ukigeuza mpangilio, hasara ikatangulia na faida ikafuata, jibu ni lile lile: 500,000, kisha 750,000. Asilimia za miaka mbalimbali huzidishana, hazijumlishwi, kwa hiyo kwa mtu asiyeongeza wala kutoa fedha, utaratibu wa miaka haubadilishi mwisho.

Linganisha na mfuko mwingine uliopata asilimia 4 mwaka wa kwanza na asilimia 4 mwaka wa pili. Hauna lolote la kusimulia barazani. Lakini milioni yake imekuwa 1,081,600. Kwa hiyo mtu akikuletea wastani, mwombe akuambie shilingi 100,000 iliyowekwa siku ya kwanza ni kiasi gani leo, na ni kiasi gani ilipofika chini kabisa. Majibu hayo mawili yatakueleza mengi kuliko wastani wowote.

Kilele chako na kilele cha soko

Mfano wa karibu nasi ni hisa ya Safaricom katika Soko la Hisa la Nairobi. Serikali ya Kenya iliiuza kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Mwaka 2021 bei yake ilivuka shilingi 40. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilikuwa chini ya 15. Tukitumia 40 na 15 kwa kukadiria, mporomoko kutoka kileleni ni asilimia 62.5, na kutoka 15 kurudi 40 inahitajika faida ya asilimia 167.

Watu wawili wenye hisa hiyo hiyo walisimama mahali tofauti. Aliyenunua kwa 40 alikuwa na deni lote la asilimia 167 mbele yake. Aliyenunua kwa 5 mwaka 2008 na kuzishika alikuwa bado ana mara tatu ya fedha alizotoa, mbali na gawio alilopokea njiani. Hakuwa ameingia hasara juu ya bei aliyonunulia. Lakini utajiri aliokuwa nao mwaka 2021 ulikuwa umepungua kwa asilimia 62.5 vilevile, na kama alikuwa ameupangia ujenzi wa nyumba au ada za watoto kwa bei ya mwaka huo, deni lilikuwa lake pia. Ndiyo maana ni vizuri kujua namba zote mbili, umbali kutoka bei uliyonunulia na umbali kutoka kileleni. Ya kwanza inakuambia kama umeingia hasara, na ya pili inakuambia mali ya aina hiyo inaweza kukunyang'anya kiasi gani.

Gawio nalo lina nafasi yake. Kama kampuni inaendelea kulipa wakati bei iko chini, na mwenye hisa analitumia kununua hisa zaidi, safari ya kurudi inafupika. Jedwali letu linahesabu bei peke yake. Kwa hisa zinazolipa gawio nene tofauti yake baada ya miaka mingi ni kubwa, wakati kampuni nyingi za Nasdaq za mwaka 2000 hazikuwa zikilipa gawio lolote.

Bei inaweza kurudi, wewe usirudi

Hadi hapa tumemfikiria mtu anayeweka fedha na kukaa kimya. Maisha hayako hivyo. Watu hutoa fedha, huongeza fedha, na wengine hukopa.

Chukua mstaafu aliyewekeza shilingi 40,000,000 za kiinua mgongo. Soko linashuka nusu, anabaki na 20,000,000. Mwaka huo anahitaji kula na kutibiwa, anatoa 4,000,000. Zimebaki 16,000,000. Kisha bei inapanda asilimia 100 na kurudi pale pale ilipokuwa. Magazeti yanaandika kwamba soko limerejea, lakini fedha zake ni 32,000,000. Ili afike 40,000,000 kutoka 16,000,000 alihitaji faida ya asilimia 150. Vipande alivyouza kwa bei ya chini havikuwepo tena wakati bei inapanda. Kwa mtu wa namna hii mpangilio wa miaka una uzito mkubwa sana: anguko linalotokea mwanzoni mwa kustaafu, wakati anatoa fedha, linaumiza kuliko anguko lile lile likitokea miaka kumi baadaye.

Anayeongeza fedha yuko upande wa pili. Kijana amenunua vipande 1,000 kwa shilingi 1,000 kila kimoja. Bei inashuka hadi 500. Anaongeza shilingi 500,000 na kupata vipande vingine 1,000. Sasa ana vipande 2,000 vilivyomgharimu 1,500,000, na fedha zake zote zitarudi bei ikifika 750 tu. Faida ya asilimia 50 kutoka chini inatosha badala ya asilimia 100. Huu ndio msingi wa ushauri wa kununua kidogo kidogo kila mwezi, na kwa mali pana kama fahirisi ya soko zima ni ushauri mzuri.

Lakini deni la milioni ya kwanza halijafutwa. Bado bei lazima ifike 1,000 kwa vipande vile vya mwanzo. Kilichofanyika ni kwamba fedha mpya zimeingia kusaidia za zamani, nazo ziko kwenye hatari ile ile. Bei ikishuka nusu tena, ikawa 250, vipande 2,000 vina thamani ya 500,000, na hasara yote ni 1,000,000. Kwa hisa ya kampuni moja inayoelekea kufa, kuongeza fedha kila inaposhuka ni njia ya haraka ya kuipeleka akiba yote mahali pamoja.

Anayekopa ndiye aliye hatarini zaidi, na hapa nawafikiria vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaofanya biashara ya fedha za kigeni kwa simu. Dalali humruhusu mwenye akaunti ndogo kushika biashara kubwa kuliko fedha zake. Tuseme akaunti ina 1,000,000 na mwenyewe ameshika biashara ya 5,000,000. Bei ikishuka asilimia 10 tu, hasara ni 500,000, nusu ya akaunti. Kama angeweza kuendelea kushika biashara yote, bei ingehitaji kupanda asilimia 11.1 arudi. Lakini fedha zikipungua chini ya dhamana inayotakiwa, dalali huifunga biashara bila kumngoja. Tuseme imefungwa akiwa na 500,000. Anaanza upya kwa kukopa kwa uwiano ule ule, safari hii biashara ni ya 2,500,000. Bei inapanda asilimia 11.1 na kurudi kabisa ilipoanzia. Faida yake ni kama 278,000, na akaunti imefika 778,000. Bei haijapoteza kitu, lakini yeye amepoteza zaidi ya shilingi laki mbili.

Wafanyabiashara waliodumu kwenye kazi hiyo hujilinda kwa kupunguza kiasi wanachokihatarisha kwa biashara moja. Mtu anayekubali kupoteza asilimia 2 ya akaunti kwa kila biashara, akikosea mara kumi mfululizo, anakuwa amepoteza asilimia 18 na anahitaji asilimia 22 kurudi. Anayehatarisha asilimia 10, akikosea mara kumi zile zile, anakuwa amepoteza asilimia 65 na anahitaji asilimia 187. Makosa ni yale yale kumi. Wa kwanza bado ana akaunti ya kufanyia kazi. Wa pili, akiona umbali uliobaki, hushawishika kuongeza ukubwa wa dau ili arudi upesi, na kwa kawaida hapo ndipo akaunti inapoisha.

Namna ya kupima mwenyewe

Mtu yeyote mwenye Excel anaweza kuupima mporomoko wa mali yake. Andika tarehe kwenye safu ya A na bei kwenye safu ya B, kuanzia mstari wa pili. Kwenye C2 andika fomula ya mporomoko, kwenye D2 fomula ya faida inayohitajika, kisha ziburute hadi chini:

```
C2:  =B2/MAX(B$2:B2)-1
D2:  =1/(1+C2)-1
```

Ya kwanza inatafuta bei ya juu kabisa hadi siku hiyo na kulinganisha nayo bei ya leo. Ya pili inakuambia unahitaji faida ya kiasi gani kurudi. Namba ndogo kuliko zote kwenye safu ya C ndiyo mporomoko mkubwa kabisa katika historia uliyoingiza.

Kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kutumia salio la akaunti ambayo unaiongezea au kuitoa fedha, kwa sababu amana mpya itaonekana kama faida na itaficha shimo. Tumia bei ya hisa moja au ya kipande kimoja, ambayo mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ya UTT AMIS huitangaza. La pili ni kutumia bei za mwisho wa mwezi peke yake. Nasdaq ikipimwa kwa bei za mwisho wa mwezi, mporomoko wa 2000 hadi 2002 unaonekana kuwa asilimia 75, na faida ya kurudi asilimia 301. Kwa bei za kila siku ni asilimia 78 na 353. Pointi tatu za hasara upande mmoja zimekuwa zaidi ya hamsini upande wa pili, na zinaongezeka hivyo kwa sababu tuko kwenye sehemu ya jedwali ambako namba zinakimbia.

Hesabu hii ina mpaka wake. Inakuambia umbali wa kurudi, haikuambii muda. Mwaka 2020 fahirisi ya S&P 500 ilishuka karibu asilimia 34 kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi, hofu ya korona ilipotanda. Ilihitaji faida ya asilimia 51, na iliipata kufikia tarehe 18 Agosti mwaka huo huo. Fahirisi ya Nikkei ya Japani ilifunga kwenye kilele cha 38,915.87 tarehe 29 Desemba 1989, na haikufunga tena juu ya alama hiyo hadi tarehe 22 Februari 2024, miaka 34 baadaye. Kanuni ni moja, lakini wakati mmoja ulitosha kwa mazao ya msimu na mwingine ulimaliza maisha ya kazi ya kizazi kizima. Anayejua umbali na asiyejua muda hana budi kuchagua umbali anaoweza kuumudu.

Uamuzi uliopo mkononi mwako

Uamuzi huo hufanywa kwa kupanga ni sehemu gani ya mali yote inaingia kwenye kitu kinachoweza kuanguka. Tuseme familia ina shilingi 10,000,000. Ikiweka zote kwenye hisa na hisa zikashuka nusu, inabaki na 5,000,000 na inahitaji asilimia 100. Ikiweka 3,000,000 kwenye hisa na 7,000,000 kwenye amana za benki au hatifungani za serikali itakazozishika hadi ziive, anguko lile lile la hisa linaiachia 8,500,000. Hasara ya mali yote ni asilimia 15, na faida inayohitajika juu ya mali yote ni asilimia 17.6. Riba ya zile 7,000,000 inaanza kuziba pengo mwaka huo huo, bila kungoja soko.

Familia ya pili itapata kidogo zaidi ya ya kwanza miaka mibaya na itaachwa nyuma miaka mizuri. Hilo ndilo gharama ya ulinzi, na ni gharama inayojulikana mapema. Kabla ya kuweka fedha, fanya mahesabu kwa kuanzia mwisho. Mali hii ikiporomoka kama ilivyowahi kuporomoka, mali yangu yote itapungua kwa asilimia ngapi, nitahitaji faida kiasi gani kurudi, na je, nina miaka ya kuisubiri bila kulazimika kuuza? Kama jibu la swali la mwisho ni hapana, punguza kiasi unachoweka hadi liwe ndiyo. Siku hiyo, kupunguza hakukugharimu chochote.